Aiskrimu laini bila mashine: lini ukoroge, nini upige, na kwa nini

Aiskrimu yangu ya kwanza niliikata kwa kisu. Nilichanganya maziwa, krimu, sukari na vanila, nikamimina kwenye bakuli refu la plastiki, nikaliweka kwenye friza jioni na kwenda kulala. Asubuhi nikatoa tofali. Pembeni palikuwa na barafu nyeupe iliyokatika kama kioo na haikuwa na utamu wa maana. Katikati palikuwa na donge laini, tamu hadi linakera. Viungo vilikuwa sahihi na vipimo vilikuwa sahihi. Nilichokosa ni kuamka usiku kukoroga.

Tangu hapo nimejaribu njia nyingi za kutengeneza aiskrimu bila mashine, na ninayoieleza hapa ndiyo niliyobaki nayo: unapika kastadi, unaigandisha huku ukiikoroga mpaka iwe kama uji mzito, kisha unaichanganya na krimu iliyopigwa na kuirudisha kwenye friza ikaze. Kukoroga kunafanya kazi moja na kupiga krimu kunafanya nyingine. Ukizijua kazi hizo mbili, utaweza kubadilisha viungo utakavyo bila kupata tofali.

Yaliyotokea ndani ya bakuli usiku ule

Maji yanapoganda hayabebi kitu kingine. Sukari, protini na mafuta husukumwa kando, na kinachojengeka ni barafu ya maji matupu. Baridi ya friza huingia kwenye bakuli kupitia kuta zake, kwa hiyo barafu huanzia pembeni, halafu hurefuka kuelekea katikati mfano wa sindano, ikiisukuma sukari mbele yake. Ndiyo sababu pembeni hapakuwa na utamu, na katikati palijaa sharubati.

Kila chembe ya barafu huanza na mbegu, yaani kikundi kidogo mno cha molekuli za maji zilizokwisha kujipanga. Mbegu ikishakuwapo, maji ya jirani hujiunga nayo kwa urahisi kuliko kuanzisha mbegu nyingine. Mchanganyiko ukiganda polepole na kwa utulivu, mbegu huwa chache na kila moja hujilimbikizia maji mengi. Ukiganda haraka, mbegu huzaliwa nyingi kwa pamoja na maji yaleyale hugawanywa kwa wengi, kila moja ikaambulia kidogo.

Ulimi huanza kuhisi mikwaruzo chembe zinapozidi takriban milimita 0.05. Hapo ndipo panapohitaji hesabu kidogo. Tuseme aiskrimu yako ina chembe za upana wa milimita 0.1, na unataka zipungue hadi nusu ya hapo. Utahitaji chembe ngapi kwa maji yaleyale? Wengi hujibu mbili. Jibu ni nane, kwa sababu chembe hupunguzwa urefu, upana na kimo kwa wakati mmoja. Kupunguza ukubwa kwa nusu kunadai mbegu mara nane, na friza peke yake haiwezi kukupa mbegu zote hizo. Hewa ya friza huondoa joto taratibu sana, hata ikiwa na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Unapokoroga, unakwangua barafu iliyoshika ukutani na kuivunja. Kila kipande kinachovunjika kinakuwa mbegu mpya. Pia unaipeleka ile barafu katikati, ambako hapakuwa na mbegu, na kuirudisha sharubati pembeni ambako baridi ni kali. Hivyo maji yaliyobaki hukuta mbegu nyingi zimeenea kila mahali, na hakuna sindano inayopata nafasi ya kurefuka. Mashine hufanya kazi hiyohiyo, ila bledi yake hukwangua ukuta bila kupumzika. Mkono wako unakwangua mara moja kila nusu saa, na katikati ya hapo barafu inaendelea kukua. Ndiyo maana kukoroga peke yake, hata ukijitahidi vipi, hakukufikishi kwenye ulaini wa mashine. Pengo lililobaki linazibwa na hewa.

Krimu iliyopigwa imejaa viputo vidogo vya hewa, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na matone ya mafuta yaliyoshikana. Maji yaliyomo yamebanwa kwenye kuta nyembamba kati ya kiputo na kiputo. Chembe ya barafu ikianza kukua ndani ya ukuta kama huo, muda si mrefu inagonga hewa au mafuta na kukosa maji ya kuendelea nayo. Kwa hiyo kupiga hakuongezi mbegu. Kunainyima barafu nafasi. Hewa pia hufanya kijiko kizame na kinywa kisipigwe na ubaridi mkali, maana unakula barafu kidogo zaidi kwa kila kijiko.

Viungo na vyombo

Kwa karibu lita moja ya aiskrimu:

- maziwa yenye mafuta yake yote, mililita 350
- maziwa ya unga, gramu 30
- sukari, gramu 130
- viini vya mayai 4
- krimu ya kupiga yenye mafuta angalau asilimia 30, bora 35, mililita 300
- chumvi kidogo sana, na kijiko kidogo cha vanila

Ukijumlisha vyote unapata takriban gramu 880, na karibu asilimia 60 ya hizo ni maji. Hiyo namba ndiyo ninayoiangalia kwanza ninapotazama maelezo ya aiskrimu popote. Ikipanda kuelekea asilimia 70, jiandae kwa barafu, hata ukikoroga usiku kucha. Maziwa ya unga yamewekwa kwa sababu hiyo: yanaongeza protini inayoshika maji bila kuongeza utamu. Usizidishe, nitaeleza mbele kwa nini.

Watu wengi hupunguza sukari wakidhani wanagusa utamu tu. Sukari ndiyo inayozuia maji yote yasigande. Mchanganyiko kama huu huanza kuganda kati ya nyuzi 2 na 3 chini ya sifuri badala ya sifuri yenyewe. Kadiri barafu inavyojitenga, sukari iliyobaki inazidi kukolea na maji yaliyosalia yanazidi kuwa magumu kuganda. Kufikia nyuzi 5 chini ya sifuri ni karibu nusu tu ya maji iliyoganda, na hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bado takriban robo ya maji ni sharubati nzito. Hiyo robo ndiyo inayokuwezesha kuchota kwa kijiko. Ukipunguza sukari kwa nusu, aiskrimu itakuwa ngumu kama jiwe, na hutajua ulikosea wapi kwa sababu utamu utakuwa unakupendeza.

Upande wa vyombo, kitu cha maana ni trei pana ya chuma, isiyopungua sentimita 20 kwa 30, ambayo mchanganyiko utakaa kwa kina kisichozidi sentimita moja. Chuma hupitisha baridi haraka kuliko plastiki, na kina kifupi kinafanya katikati isiwe mbali na ukuta. Iweke trei tupu kwenye friza saa kadhaa kabla. Friza yenyewe igeuze kwenye baridi kali kabisa tangu jana yake. Utahitaji pia uma imara, waya wa kupigia mayai au miksa ya mkono, chujio, na chombo cha kuhifadhia chenye mfuniko. Kipimajoto cha jikoni kinasaidia lakini si lazima.

Kupika kastadi

Weka maziwa, maziwa ya unga, chumvi na nusu ya sukari kwenye sufuria. Koroga mpaka unga uyeyuke kabla ya kuwasha moto, la sivyo utapata madonge. Pasha kwa moto wa wastani hadi uone mvuke na viputo vidogo kwenye kingo, lakini maziwa yasichemke.

Wakati huo piga viini pamoja na sukari iliyobaki kwenye bakuli mpaka vipauke. Fanya hivyo papo hapo. Sukari ikiachwa juu ya viini bila kukorogwa inavikausha na kuacha vipande vigumu. Mimina maziwa ya moto kwenye viini kidogokidogo, kama kikombe kimoja cha kwanza, huku mkono mwingine ukikoroga bila kuacha. Kisha rudisha vyote kwenye sufuria.

Sasa punguza moto na ukoroge kwa mwiko, ukifuta chini ya sufuria muda wote. Unatafuta nyuzi joto 82. Bila kipimajoto, chovya mwiko, uugeuze, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kujaa, kastadi imeiva. Ikipita nyuzi 85 hivi, viini vitaanza kugandamana na utapata mayai ya kukoroga yenye sukari. Kwa joto hili mayai yameiva vya kutosha kuwa salama, na protini za maziwa na za mayai zimefunguka kiasi cha kushika maji vizuri zaidi. Ni faida ambayo viini vibichi havikupi.

Chuja mara moja kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji yenye barafu, koroga mpaka ipoe, tia vanila, funika na uweke kwenye friji (si friza) kwa saa nne au usiku mzima. Usiruke hatua hii. Kastadi vuguvugu ikiingizwa kwenye friza itatumia saa ya kwanza kupoa tu, itapasha joto kila kilichomo humo, na itaganda polepole, jambo tunalolikimbia.

Kuigandisha

Toa trei kwenye friza, mimina kastadi iliyopoa kabisa na uirudishe haraka. Iweke chini kabisa au nyuma, mahali penye baridi zaidi, na trei iguse sakafu ya friza, isikae juu ya pakiti za vitu vingine.

Ukaguzi wa kwanza ni baada ya dakika 40 hivi. Usikoroge kabla kwa kudhani unaharakisha mambo: kama hakuna barafu bado, hakuna cha kuvunja, na unachofanya ni kuingiza hewa ya joto kwenye friza. Dalili ya kuanza ni ukingo wa upana wa kidole ulioganda kuzunguka trei, huku katikati bado ni maji. Hapo chukua uma, kwangua ukingo wote hadi kwenye pembe za trei, ponda mapande, na uyachanganye na yale ya katikati mpaka usione donge. Fanya kwa nguvu lakini kwa muda mfupi, isizidi dakika moja. Chembe ndogo ndizo huyeyuka kwanza. Ukisimama na trei nje kwa dakika tano ukihangaika, utakuwa umeua mbegu ulizozitengeneza na kuacha zile kubwa.

Kuanzia hapo rudia kila baada ya dakika 25 au 30. Nitaeleza ninavyoiona kwenye friza yangu. Yako inaweza kutofautiana, kwa hiyo fuata dalili kuliko saa. Mara ya pili, ukingo ulioganda umekuwa mpana na katikati pameanza kuwa na rojo. Ukiponda, trei nzima inafanana na maji ya matunda yaliyoanza kuganda. Mara ya tatu uma unaacha mfereji unaojifunga taratibu. Mara ya nne, kama saa mbili tangu mwanzo, mchanganyiko ni uji mzito, unashika umbo, na ukiupindua mwiko hauanguki mara moja. Hapo ndipo tunapotaka. Kama una blenda yenye nguvu, mzunguko huu wa mwisho ufanye humo kwa sekunde kumi au kumi na tano. Blenda huvunja chembe kwa kiwango ambacho uma haufikii.

Hatua hizi za mwanzo ndizo zenye uzito. Aliyesahau mzunguko wa kwanza na wa pili, akakoroga kwa bidii wa tatu na wa nne, atakuwa anavunja sindano zilizokwisha kurefuka, na nyingine zitamponyoka. Kama unajijua kuwa msahaulifu, tega kengele ya simu.

Kupiga krimu na kuchanganya

Baada ya mzunguko wa tatu, anza krimu. Bakuli na waya viwe vimekaa kwenye friji, na krimu iwe ya baridi, chini ya nyuzi joto 7. Mafuta ya krimu yakiwa na joto ni laini mno. Matone yake hayashikani kuzunguka viputo, na utapiga mpaka uchoke bila kitu kuinuka.

Piga hadi waya uache alama zinazobaki juu ya krimu, na ukiuinua, ncha yake isimame kisha ijikunje. Simama hapo. Krimu inakuwa imekaribia kuongezeka mara mbili. Ukiendelea mpaka iwe ngumu na yenye uso unaoonekana kama umekatika, matone ya mafuta yanaanza kugandana kuwa siagi, na aiskrimu itaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kwa watu wanaotumia miksa ya umeme, kwa sababu kati ya krimu nzuri na siagi kuna sekunde chache tu. Sekunde za mwisho malizia kwa mkono.

Ukishaponda kastadi kwa mara ya mwisho, chukua theluthi moja ya krimu na uichanganye humo bila woga, ili kastadi ilegee kidogo. Krimu iliyobaki iingize taratibu: mwiko ushuke katikati, upite chini, upande pembeni na kufunika juu, huku ukizungusha bakuli. Hapa hatukorogi tena, kwa maana viputo tulivyovihangaikia vitapasuka. Mistari michache myeupe ikibaki si neno.

Niliwahi kujaribu kuchanganya krimu iliyopigwa tangu mwanzo na kuendelea kukoroga kila nusu saa. Matokeo yalikuwa aiskrimu nzito yenye barafu ya wastani. Kila nilipokwangua, nilikuwa natoa hewa. Tena povu huhifadhi joto, kwa hiyo mchanganyiko uliojaa hewa huganda polepole kuliko kastadi tupu. Ndiyo maana mpangilio huu una mantiki: ile sehemu yenye maji mengi na isiyo na hewa igandishwe kwanza, haraka, kwa kukorogwa; povu liingie barafu ndogo zikiwa tayari.

Kukaza

Weka kwenye chombo kilichopozwa, kisicho na kina kirefu, na ujaze karibu na ukingo. Bandika nailoni au karatasi ya kuokea moja kwa moja juu ya uso wa aiskrimu, kisha funga mfuniko. Hewa ikibaki juu yake, unyevu utatoka kwenye aiskrimu na kurudi kama theluji, na asubuhi utakuta ukoko wa barafu. Irudishe mahali penye baridi kali na usiiguse kwa saa nne hadi sita.

Katika muda huu mbegu mpya hazizaliwi tena. Maji yaliyobaki yanaganda juu ya chembe zilizopo na kuzinenepesha, kwa hiyo kadiri hatua hii inavyokwenda haraka ndivyo unavyobaki na ulichokipata. Chombo kipana kinakaza mapema kuliko kirefu. Kama unatumia vyombo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, bora zaidi.

Kama friza ni dhaifu

Barafu na chumvi hufanya kazi nzuri kuliko friza ya nyumbani, na wengi hushangaa kusikia hivyo. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na kuyeyuka huko huvuta joto kutoka kila kilicho karibu. Mchanganyiko wa barafu na chumvi ya kawaida unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na jikoni mara nyingi utapata kati ya 10 na 15. Kwa namba tu, baridi hiyo ni pungufu kuliko ya friza, ila maji ya chumvi yanagusa chuma kila upande, na kimiminika hunyonya joto haraka kuliko hewa.

Tumia kilo tatu za barafu iliyopondwa kwa kilo moja ya chumvi. Zipange kwa tabaka ndani ya beseni, zika humo bakuli la chuma lenye kastadi iliyopoa, na uhakikishe ukingo wake uko juu ili chumvi isiingie. Hapa unakwangua bila kuacha, ukizungusha bakuli na kufuta ukuta wake kwa mwiko. Ndani ya dakika 20 hadi 30 inakuwa uji mzito, kisha unaingiza krimu kama kawaida. Mashine ya mkono ambayo Nancy Johnson wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1843 ilikuwa ni jambo hilihili: ndoo ya barafu na chumvi, chombo cha chuma katikati, na mpini wa kuzungusha kikwanguo. Usishike maji hayo ya chumvi kwa mkono mtupu kwa muda mrefu, yanaweza kuunguza ngozi kwa baridi.

Kuna pia ile njia ya mkato ya krimu mililita 500 iliyopigwa, ikachanganywa na kopo moja la gramu 400 la maziwa mazito yenye sukari, ikagandishwa bila kukorogwa hata mara moja. Inafanikiwa kwa sababu maziwa hayo yamekwisha kutolewa maji mengi, na takriban nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo barafu haina pa kuanzia kwa wingi. Kasoro yake ni utamu, ambao huwezi kuupunguza bila kurudisha tatizo la barafu. Naitumia nikiwa na kitu kichungu cha kutia, kama kahawa nzito au kakao.

Ukitaka matunda, kumbuka kwamba tunda ni maji. Saga, chuja, kisha chemsha gramu 300 za rojo hadi zibaki 150, zipoe kabisa, ndipo uzichanganye na kastadi kabla ya kugandisha. Vipande vibichi vya tunda vikitiwa mwishoni vitakuwa vijiwe vya barafu. Vichemshe kwanza kwenye sharubati ya sukari.

Kuonja kasoro

Weka kiasi kidogo ulimini na usitafune. Mikwaruzo ikiyeyuka mara moja na kuacha maji, ni barafu: uligandisha polepole, ulichelewa kukoroga, au maji yalikuwa mengi. Mikwaruzo ikibaki kama mchanga mkavu hata baada ya aiskrimu kuyeyuka, ni sukari ya maziwa iliyojitenga, na kosa ni kuzidisha maziwa ya unga. Ukihisi vijidonge laini vinavyopaka mdomo, krimu ilipigwa kupita kiasi. Na kama chini ya chombo kuna tabaka gumu lililokolea huku juu kukiwa na povu, kastadi ilikuwa bado nyepesi ulipotia krimu, ikazama.

Tofali linaokoka. Likate vipande vya kama sentimita tatu, acha vikae kwenye friji dakika kumi, visage kwenye blenda pamoja na vijiko viwili vya krimu baridi, kisha rudisha kwenye chombo kilichopozwa. Utapoteza hewa, lakini barafu itakuwa laini. Iliyoyeyuka yote ndani ya friji inaweza kukorogwa na kugandishwa upya siku hiyohiyo. Iliyoyeyuka mezani na kukaa huko saa kadhaa, mwaga. Ina maziwa na mayai, na kuganda hakuui vijidudu.

Aiskrimu nzuri nayo huharibika ikiwa imekaa. Kila mlango wa friza unapofunguliwa joto hupanda kidogo, chembe ndogo huyeyuka, na joto likishuka tena maji yale hugandia kwenye zile kubwa. Baada ya siku nyingi za kupanda na kushuka, unabaki na chembe chache zilizonenepa, kana kwamba hukukoroga kamwe. Hivyo iweke nyuma kabisa, mbali na mlango, na uimalize ndani ya wiki moja au mbili. Ukitaka kuila, ihamishie kwenye friji dakika kumi au kumi na tano badala ya kuiacha mezani, ambako pembeni huyeyuka wakati katikati bado ni ngumu. Chota unachohitaji, bandika tena ile nailoni, na uirudishe kabla watu hawajaanza kula.